Karatasi ya ruhusa ya hospitali: 2/52 si tarehe

Chukua mfano wa mtoto wa miaka 3, mwenye kilo 14, aliyelazwa kwa malaria kali na sasa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Karatasi aliyopewa mama ina mambo matatu ya kusoma kwa utulivu: ugonjwa, dawa na siku ya kurudi.

Ugonjwa huandikwa mbele ya alama Dx. Hapa ni malaria kali pamoja na upungufu wa damu, na pembeni kuna Hb 6.5, yaani kiwango cha damu. Namba hiyo isipotee, kwa kuwa siku ya kurudi daktari atailinganisha na kipimo kipya.

Kwenye dawa, sindano ya atesuneti imekatwa na mahali pake pameandikwa ALu, ile dawa ya mseto, kidonge 1 BD x 3/7. BD ni mara mbili kwa siku, na 3/7 ni siku tatu. Wazazi wengi huona mtoto amechangamka, hivyo wakadhani sindano zimemaliza kazi. Sindano zimemtoa kwenye hatari, lakini vidonge ndivyo vinavyomalizia vimelea vilivyobaki.

Kwa uzito wake atameza vidonge 6. Akianza saa 2 asubuhi, cha pili ni baada ya saa 8, yaani saa 10 jioni. Siku mbili zinazofuata atameza asubuhi na jioni, kila baada ya saa 12, akiwa amekula au kunywa maziwa, kwa kuwa mafuta husaidia dawa kuingia mwilini. Akitapika ndani ya saa moja, dozi hiyo irudiwe, na mzazi aende kituoni kupata kidonge cha kufidia. Kama kuna mseto uliobaki nyumbani kabla ya kulazwa, usichanganywe na huu.

Mstari wa mwisho unasema arudi 1/52, kisha 2/52 na 4/52. Hizo si tarehe wala idadi ya vidonge. Namba ya juu ni idadi, na 52 ni wiki za mwaka, kwa hiyo ni baada ya wiki 1, 2 na 4. Vivyo hivyo 3/12 ni miezi mitatu. Mwombe muuguzi aandike tarehe kamili kabla hujatoka wodini.

Kwa nini arudi wakati homa imekwisha? Baadhi ya waliotibiwa kwa atesuneti hupungukiwa damu upya kati ya wiki ya kwanza na ya nne, kwa sababu chembe nyekundu zilizokuwa na vimelea huvunjika baadaye. Mkojo ukiwa mweusi kama chai nzito, macho yakiwa ya njano, viganja vikipauka au mtoto akichoka kupita kawaida, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, akiwa na karatasi yake.