Picha ya karo imekatika: ulipe au uombe nyingine?

Muhula ukianza, picha za barua za karo huzunguka sana kwa WhatsApp. Mtoto amepewa karatasi shuleni, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Jioni dadake ameipiga picha chini ya taa hafifu, na sasa imekufikia ukiwa kazini. Unaisoma na karibu yote inaonekana. Mstari mmoja tu umepitiwa na mkunjo, na kidole gumba cha mpiga picha kimeziba kona. Huku nyumbani wanauliza, je, umelipa?

Wengi wetu hapo tunatazama picha yote kwa jumla na kusema, "Hii inasomeka, wacha nilipe." Mimi naona hilo ndilo kosa. Barua nzima inaweza kuwa safi, lakini tarakimu moja iliyofifia ndiyo inayoamua pesa zinaenda kwa nani. Cha kujiuliza ni hiki: nikikisia sehemu hii na nikose, kuna kitu kitakachonizuia kabla pesa hazijatoka? Kama kipo, endelea na usisumbue watu. Kama hakipo, omba uletewe upya hata kama una uhakika nusu.

Tuchukue barua moja tuipitie. Karo ni shilingi 18,500. Shule ina akaunti benki ya Equity, kwa hivyo unalipa kupitia Pay Bill 247247, na mahali pa akaunti unaandika nambari ya akaunti ya shule, yenye tarakimu 13. Baadhi ya shule huomba uongeze alama ya # na nambari ya usajili ya mwanafunzi baada ya hapo. Sasa tuseme picha ina matatizo manne kwa mpigo: tarakimu ya mwisho ya 247247 imefifia, sifuri moja ya kiasi haionekani vizuri, tarakimu ya mwisho ya nambari ya mtoto iko chini ya kidole, na tarakimu ya tisa ya akaunti iko kwenye mkunjo, haijulikani kama ni 3 au 8.

Nambari ya Pay Bill ndiyo rahisi. Andika 247247. Kabla malipo hayajakamilika utaonyeshwa jina la mwenye nambari hiyo. Ukiona jina la benki unayoitarajia, umefika, na ukiona jina geni, futa. Simu yenyewe inakukagulia bure. Hakuna haja ya kumwamsha mtu akupigie picha nyingine kwa ajili ya hilo.

Kiasi pia hakina neno. Ukisoma 18,5 kisha ukungu kisha sifuri, makosa hayawezi kuzidi shilingi 90. Lipa 18,500, na kama ilikuwa 18,550, utaongeza hamsini kesho.

Nambari ya mtoto ni katikati. Ukiikosea, pesa zimeshaingia akaunti ya shule, ila zimesimama kwa jina la mwanafunzi mwingine. Ofisi ya fedha ya shule inaweza kuzihamisha ukiwaonyesha ujumbe wa malipo. Gharama yake ni simu moja au mbili, na hatari kwamba wakati huo mtoto wako anatumwa nyumbani kwa karo ambayo umelipa. Kama hiyo ndiyo shaka pekee na siku ya mwisho ni leo, mimi ningelipa, kisha niwapigie shule siku hiyo hiyo niwape msimbo wa malipo. Kama kuna siku tatu mbele, ningeuliza kwanza.

Tarakimu ya tisa ya akaunti ndiyo yenye sumu. Lile jina linalokuja kwenye skrini kwa kawaida ni la mwenye Pay Bill, yaani benki. Si la shule. Ukiandika 3 au ukiandika 8, mara nyingi utaona jina lile lile, na utaacha malipo yapite ukiwa na amani kabisa. Mwenye Pay Bill anaweza kuunganisha mfumo wake na wa malipo ya simu ili nambari ya akaunti ikaguliwe kabla malipo hayajakubaliwa, lakini hilo ni hiari yake, na wewe uliye nje huwezi kujua kama amefanya hivyo. Kwa hivyo ukikosea, yaweza kutokea mambo matatu. Malipo yanakataliwa papo hapo, na hiyo ni bahati. Au akaunti hiyo haipo, na pesa zinabaki zimeshikwa huko benki hadi uende kuzifuatilia na ushahidi. Au akaunti ipo, ni ya mtu usiyemjua, na karo yako imekuwa mtaji wake wa mboga.

Hebu pima. Kati ya 3 na 8, unabahatisha moja kwa mbili. Ni sawa na kurusha sarafu juu ukiwa umeweka karo yote ya muhula mezani. Upande wa pili wa mizani kuna nini? Ujumbe mmoja wa WhatsApp na labda kusubiri hadi kesho asubuhi. Hata kama pesa zingerudi baadaye, hesabu siku za kupanga foleni, na ujue shule haitangojea. Tena kurudisha malipo ya Pay Bill si kama kurudisha pesa ulizomtumia mtu. Ukimtumia mtu kimakosa kwa M-Pesa, unapeleka ule ujumbe wa malipo kwa 456, na ikiwa bado hajazitoa, una nafasi nzuri. Kwa Pay Bill, upande wa biashara lazima uhusike na ukubali.

Kabla hujamwomba mtu picha, kuna mahali pa kutazama ambapo wengi husahau: ujumbe wako wa muhula uliopita. Ujumbe wa malipo ya Pay Bill huandika pia nambari ya akaunti uliyolipia. Utafute, uweke kando ya picha, ulinganishe. Kama zile tarakimu 12 unazoziona ni zile zile kwa mpangilio ule ule, basi ya tisa umeipata na huhitaji kumsumbua mtu. Lakini zikitofautiana hata moja, usijiambie kwamba picha ndiyo mbovu. Huenda shule imebadilisha akaunti, na hapo huna budi kuuliza.

Jihadhari pia na simu inayosoma maandishi ndani ya picha. Simu nyingi siku hizi zinakuwezesha kubonyeza picha na kunakili nambari. Ni kitu kizuri, lakini haitakuambia kwamba hapa iliona ukungu. Inakupa 8 safi kama vile imechapishwa kwa mashine, na ile shaka uliyokuwa nayo jicho kwa jicho inapotea. Kuhesabu tarakimu nako kuna mpaka wake. Ukihesabu 12 badala ya 13, umejua moja imemezwa. Ukihesabu 13, huna habari yoyote kuhusu ile unayoitilia shaka.

Sasa ukiomba, omba vizuri. Kumwambia mtu "nitumie tena" mara nyingi huleta picha ile ile, yenye mkunjo ule ule na kidole kile kile. WhatsApp hubana picha, kwa hivyo hata iliyopigwa vizuri inaweza kufika na ukungu. Mimi napendelea asinitumie picha kabisa. Namwomba aichukue karatasi mkononi aniandikie nambari ya akaunti kwa vikundi vya tarakimu nne nne, bila kumwambia mimi naona nini. Ukimuuliza, "Hiyo ni 8, sivyo?" atajibu ndiyo kwa heshima tu, hasa akiwa mtoto anayeongea na mzazi. Mwache asome mwenyewe. Kama karatasi imeshapotea, pigia shule kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani. Usipige ile iliyo kwenye picha ambayo tayari unaitilia shaka.

Wapo wanaopenda kutuma shilingi kidogo kwanza, kama 50, kujaribu. Si wazo baya, lakini linafaa tu kama kuna mtu shuleni atakayetazama na kukujibu kwamba zimefika. Wewe kupokea ujumbe wa malipo hakuthibitishi lolote, kwa sababu ujumbe huo unakuja hata akaunti ikiwa ya mtu mwingine. Na kama mtu wa shule yupo na anajibu, si ungemuuliza nambari tu?

Linganisha haya na tokeni za stima. Umemnunulia mama tokeni kwa Pay Bill 888880, ukamtumia skrinshoti, na tarakimu moja kati ya 20 imekatika pembeni. Hapa msimamo wangu unageuka kabisa. Mwambie ajaribu. Mita hukagua tokeni yote na ikiwa si sahihi inaikataa, basi. Pesa hazijaenda popote, na tokeni hiyo haitumiki kwa mita ya jirani. Ajaribu mara mbili tatu hivi. Akiendelea kukosea, atume ujumbe, maana mita nyingi hukataa kupokea chochote kwa muda baada ya makosa kadhaa. Lakini wakati wa kununua, usikisie nambari ya mita hata kidogo. Ukiibahatisha na ikaangukia mita ya mtu mwingine, umemwashia yeye taa. Kazi ni moja na tarakimu zinafanana, lakini zile za kulipia zinaelekeza pesa, na zile za tokeni zinafuata baada ya pesa kufika.

Kuna hali moja ambapo hata kuomba picha mpya ni kupoteza muda. Wewe ni muuza duka, mteja ameagiza mzigo wa shilingi 6,000, na amekutumia skrinshoti ya malipo ambayo juu imekatwa, msimbo hauonekani. Usikisie, lakini pia usimwambie atume iliyo wazi zaidi. Akiwa mwaminifu, picha wazi haikuongezei kitu, na akiwa mjanja, umempa nafasi ya kuitengeneza vizuri. Jibu liko kwenye simu yako mwenyewe. Tazama ujumbe ulioingia kwako, na kama hujauona, angalia salio au taarifa ya malipo ya till yako. Kama 6,000 haimo, mzigo unangoja dukani.