Katuni Yako Inakosa "Hawezi"

Wasee, karibu kila baibo ya katuni ninayotumiwa nisome huanza na kurasa kumi za michoro ya wahusika, nguo zao na chakula wanachopenda. Ziko poa, lakini hakuna mtu anaweza kuandika episodi ya pili akitumia hizo. Kinachokosekana ni sharti moja gumu: mhusika hawezi nini?

Wacha niwaonyeshe na yangu. Iko Tabaka, Kisii, kule wanachonga mawe laini. Moraa ana miaka saba na anamsaidia Magokoro kusugua vinyago kwa msasa ndani ya beseni la maji, vile hufanywa kweli. Sharti langu likawa hivi: kinyago kikilowa kinaamka, kikikauka kinarudi jiwe. Kiboko wa mawe anaitwa Bonge.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe Kisii inanyesha karibu kila mchana! Mvua ikianza, Bonge hakauki, hatari inaisha, na hadithi inakosa mwisho. Nikarekebisha: ni maji ya beseni la Magokoro pekee, na yanakauka baada ya dakika kumi na moja, ambayo ndiyo urefu wa episodi. Kwa hivyo shida inaingia mapema, jaribio la kwanza linafeli katikati, na ikifika dakika ya nane miguu ya Bonge inaanza kuwa mizito. Sikulazimika kubuni fomula, sharti ndilo lilinipa.

Tinga Tinga Tales, ambayo ilichorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa 2010, ilifanya hivyo pia. Kila episodi inajibu kwa nini mnyama yuko vile alivyo, kwa mfano kwa nini nyoka hana miguu. Ukishajua swali, unajua mwisho lazima uwe wapi.

Toni nayo ikatoka kwa jiwe. Jiwe la Tabaka ni laini, hata kucha inalikwaruza. Basi kwetu hakuna kupigana ati ndio watoto wacheke, kwa sababu Bonge akianguka anamegeka kweli. Lakini runinga huweza kuonyesha episodi bila mpangilio, leo sikio limemegeka, kesho liko sawa, na mtoto atauliza. Ndio maana kila episodi inafungwa na Moraa akimsugua Bonge mpaka alama zipotee.

Kupima baibo ni rahisi. Niliwapa marafiki wawili, mmoja Kisii mjini, mwingine Nyamira, kila mtu aandike ukurasa mmoja bila kuniuliza kitu. Wa Nyamira akampeleka Bonge kwenye mashamba ya chai, na akakaukia huko. Wa Kisii akamfanya apumue ndani ya kikombe cha chai moto ili aamke tena. Hapo nikajua sijaandika kama mvuke ni maji. Narudi ukurasa wa kwanza.