Thomu ya unga si thomu ya kutwanga

Jamani, tumechoka na mapishi ya biriani yanayosema "thomu mbichi au ya unga, sawa tu". Si sawa! Chembe moja ya thomu ni kama thumni ya kijiko cha chai cha unga, kwa hiyo sosi inayotaka chembe nane inataka kijiko kimoja tu. Bibi harusi mmoja tunayemjua alitia vijiko vitatu, tena ndani ya mafuta ya moto. Unga ukaungua pale pale na sosi yote ikawa chungu. Kama huna budi, utie baada ya tungule, kwenye majimaji. Ule ukali wa thomu iliyotwangwa sasa hivi hutaupata, lakini angalau hautaungua. Kwenye unga mkavu wa kupakia kuku wa kukaanga hatuna ugomvi nao, unachanganyika vizuri.

Kotmiri ndiyo kabisa. Ile kanuni ya kijiko kimoja cha majani makavu kwa vitatu vya mabichi inafaa origano na thaimu. Kotmiri ikikauka harufu imeshakwenda, hata umwage pakiti nzima. Bora uiache. Wala usitie unga wa giligilani badala yake: hizo ni mbegu, ladha nyingine kabisa.