Usijiulize "nilishindwaje kuona"

Leo tunataka kuongea jambo ambalo watu wanaliongea kwa kunong'ona tu: mpenzi, mchumba au bwana kukudanganya juu ya makuta, halafu wewe uliyedanganywa ndiye unabaki na aibu. Mwenye kudanganya anatembea Mahoko mchana kweupe. Mwenye kudanganywa anapita njia ya nyuma ili asikutane na watu wa kikundi chake cha ikimina. Kwetu sisi hiyo hesabu imekaa vibaya, na tunataka kuonyesha ni wapi imekosewa.

Tuchukue mfano. Hatutaji mtu, maana visa vya namna hii tumevisikia zaidi ya kimoja, na hapa tumeviunganisha. Dada mmoja anauza vitunguu na karoti kwenye soko la Mahoko. Alifika kutoka Masisi, bado hana kitambulisho. Na bila kitambulisho hawezi kusajili laini kwa jina lake. Kwa hiyo laini yenye MoMo yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha mchumba wake. Namba ya siri wanaijua wote wawili.

Yuko katika ikimina, ile ambayo kwetu Kongo tunaita likelemba. Watu 10, kila mmoja anatoa franga 5,000 kwa juma, na zamu yake ikifika anapokea 50,000. Mchumba anamwambia kuna chumba cha duka karibu na barabara, mwenye nyumba anataka avansi. Dada anampa zile 50,000. Kisha anampa 1,000 kila siku ya soko, siku 40, ya kumalizia. Jumla 90,000. Katikati ya safari mchumba anamwonyesha ujumbe kwenye simu: "Umelipa, umebakiza kidogo." Siku dada anaenda mwenyewe kwa mwenye nyumba, anakuta chumba kina mpangaji tangu zamani, na avansi haijawahi kulipwa.

Watu wakasema nini? "Ulikuwa wapi siku zote 40?" "Mapendo yalikufunga macho." Na yeye mwenyewe akaanza kusema hivyohivyo, eti mimi ni mjinga.

Sasa tupige hesabu sawasawa. Chukua karatasi, chora mstari katikati. Upande mmoja andika yale uliyoyajua siku ile ulipotoa makuta. Upande mwingine andika yale unayoyajua leo. Huyu dada, siku ya zile 50,000, alijua nini? Kwamba mtu huyu amemtunzia laini miezi mingi bila kukosa hata franga moja. Kwamba chumba kile kipo, aliwahi kukipita. Kwamba avansi ni kawaida, kila mwenye nyumba anaitaka. Upande wa leo ndiyo kuna mpangaji, kuna ujumbe wa uongo, kuna mwenye nyumba anayeshangaa. Hakuna hata moja ya hizo iliyokuwa upande wa kwanza. Aibu inachukua mambo ya upande wa leo, inakuhukumu nayo kama vile ulikuwa nayo siku ile.

Hili si jambo la wakimbizi peke yao. Mwaka 1975 mtafiti Baruch Fischhoff alionyesha kwamba mtu akishajua jambo liliishaje, anaamini lilikuwa rahisi kuliona mapema, na hata anasahau alivyokuwa anafikiri kabla. Na mwaka 2006 Bond na DePaulo walikusanya tafiti nyingi ambamo watu walipewa kazi ya kutambua mwongo kwa kumsikiliza na kumtazama. Walipatia mara 54 tu katika 100. Karibu sawa na kurusha shilingi juu. Hao walikuwa wameambiwa kabisa kwamba kuna uongo, wakae macho. Wewe ulikuwa unapika ugali na mtu unayempenda.

Kuna jambo jingine ambalo wale wanaokulaumu hawaliangalii. Mtu mwenye kitambulisho na laini yake anaweza kuchagua kuamini au kutoamini. Huyu dada hakuwa na uchaguzi huo. Makuta ya soko angeyaweka wapi? Kuyafunga kwenye kitenge? Kuamini ilikuwa njia pekee iliyokuwa wazi, na mchumba aliijua hiyo vizuri, ndiyo maana alipitia pale.

Je, tunasema hakuna cha kujifunza? Hapana. Ila kuna aibu na kuna majuto, na si kitu kimoja. Majuto yanasema: "Sikwenda kumwona mwenye nyumba mapema." Hayo yana mwisho, kesho unakwenda. Aibu inasema: "Mimi ni mtu wa kudanganywa." Hiyo haina mwisho, na kazi yake moja ni kukufunga mdomo. Yule ujumbe, kwa mfano, ulitoka kwa namba ya mtu wa kawaida. Ujumbe wa kweli wa MoMo unatoka kwa jina la huduma yenyewe. Hilo ni la kujua, na sasa unalijua. Haligeuki kuwa hukumu juu yako.

Na kunyamaza kunagharimu, maana ushahidi unapotea. Katika kisa hiki laini ni ya jina la mchumba, kwa hiyo dada hawezi kwenda kuomba orodha ya miamala. Ataambiwa si yake. Kinachobaki ni daftari la ikimina lenye tarehe aliyopokea 50,000, wenzake waliomwona akipokea, mwenye nyumba, na ule ujumbe kama bado upo. Daftari linaweza kuisha na kutupwa. Mwenye nyumba anaweza kuhama. Kwa hiyo siku za kwanza piga picha ya ujumbe, andika tarehe na kiasi unachokumbuka, halafu mwambie mtu mmoja unayemwamini. Kama laini ni yako, badilisha namba ya siri siku hiyohiyo na uangalie kama kuna mkopo uliochukuliwa humo, maana deni litakufuata wewe.

Baada ya hapo kuna milango. Abunzi wa akagari wanasikiliza madai kama haya. RIB inapokea mashtaka: sheria ya makosa ya mwaka 2018, kifungu cha 174, inaadhibu kuchukua mali ya mtu kwa udanganyifu. Angalia sheria inachouliza: aliyechukua alitumia uongo gani. Na kama kuna vitisho au kipigo ndani yake, namba ya bure ya Isange ni 3029, na kituo chao kipo hospitali ya Gisenyi.

Hatutawadanganya. Mara nyingi makuta hayarudi, au yanarudi nusu. Mtu akishayala, abunzi hawayatapishi. Lakini dada huyu akirudi kwenye kikundi chake na kueleza alivyoambiwa, yule kijana hatapata mwingine wa kumwonyesha chumba kilekile.

Kwa hiyo tunaomba kitu kimoja kwenu mnaosoma. Mwenzako akikuletea habari ya namna hii, usimuulize "ulikuwa wapi?" Muulize: "Alikwambia nini, na siku gani?" Swali la kwanza linamfanya anyamaze. La pili linamfanya aende kutafuta daftari.