Inagoma ofisini tu
Kivinjari kinafungua kila tovuti, lakini npm inagoma na kuandika SELF_SIGNED_CERT_IN_CHAIN. Ukihamia intaneti ya simu, inakubali. Usiilaumu seva. Proksi ya ukaguzi ya kampuni hufungua mawasiliano, huyasoma, kisha hukukabidhi cheti ilichokitia saini yenyewe. Kivinjari hukiamini kwa sababu mafundi wameweka cheti mzizi cha kampuni kwenye Windows, lakini Node.js kwa kawaida hufuata orodha yake yenyewe. Tazama mtoaji wa cheti kwenye kivinjari: ukikuta jina la kampuni, umempata mhusika. Omba cheti mzizi hicho katika faili la PEM, uelekeze NODE_EXTRA_CA_CERTS kwake. Wengi huzima uhakiki kwa strict-ssl=false, nami nawasihi waache: mpangilio huo hubaki hata kwenye mtandao wa hoteli, ambako mwizi aweza kujifanya seva.