Kisu kimoja, kuku na kabichi

Katika maswali ya cheti cha usafi wa chakula, moja linatukamata wengi: "Umekata kuku mbichi, sasa unataka kukata kabichi ya saladi. Kisu unakifanya nini?" Wengi tunajibu kwamba tunakipangusa kwa kitambaa. Hapo tunakosea. Kitambaa kinabeba maji ya kuku na kuyapeleka kwenye sahani na mikononi.

Tufikirie siku ya karamu, makala inawaka na wageni wako njiani. Kuku ataingia motoni, na vijidudu vyake vitakufa nyama ikifika digrii 70 mpaka ndani. Tukichoma karibu na mfupa, maji yatoke bila wekundu. Lakini kabichi haipiti motoni; kilichoigusa kitaliwa hivyo hivyo.

Basi tukate saladi kwanza, tuifunike, ndipo tushike kuku. Kama kuku ametangulia, tuoshe kisu, ubao na mikono kwa sabuni na maji safi. Kuku aliyeiva asirudi katika beseni alimokuwa mbichi. Akingojea wageni, abaki motomoto juu ya makala, zaidi ya digrii 60. Akipoa mezani, asipitishe saa mbili.