Jenereta pekee si mpango kwa kituo cha maziwa

Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme, na maeneo mengi yakakaa gizani hadi siku iliyofuata. Kinyozi alifunga kibanda akaenda kulala. Mwenye kituo cha kupoza maziwa hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa ng'ombe hukamuliwa alfajiri, umeme uwepo usiwepo.

Kamati nyingi za vituo hivi huamini kwamba zikishanunua jenereta zimemaliza kazi. Hapo ndipo hasara huanzia. Kinachotakiwa kwanza ni kujua kituo kinaweza kukaa bila umeme kwa muda gani, na muda huo huamuliwa na maziwa yenyewe, si na meneja.

Chukua mfano wa kituo chenye lita 1,200 za maziwa ya jioni, yaliyopoa hadi digrii 4. Umeme unakatika saa mbili na nusu asubuhi, na lita 600 za asubuhi zimefika mlangoni zikiwa na digrii 28. Tangi lililofunikwa vyema hutunza baridi, hivyo maziwa ya jioni yanaweza kungoja kwa saa kadhaa. Ya asubuhi hayawezi. Yalikamuliwa saa kumi na mbili, na kadiri yanavyokaa na joto ndivyo bakteria wanavyoongezeka.

Kosa kubwa ni kuyamimina ya asubuhi tangini kwa matumaini kwamba umeme utarudi. Yakichanganyika, lita zote 1,800 zitafika digrii 12, na kituo kitakuwa kimehatarisha hata maziwa yaliyokuwa salama. Kwa hiyo amri ya kwanza katika mpango iwe hii: umeme ukikatika, hakuna kumimina.

Baada ya hapo ziwekwe saa mbili za mwisho. Jenereta iwe inapoza katika dakika 30. Zikipita dakika 60 bila mafanikio, maziwa ya asubuhi yapakiwe kwenye gari yapelekwe kituo jirani au kwa mnunuzi. Makubaliano na jirani huyo yafanywe mapema, kwa maandishi, yakitaja lita anazoweza kupokea. Siku ya msiba si siku ya kutafuta urafiki.

Simu nazo zina utaratibu wake. Meneja asijaribu kuwapigia wakulima 40 peke yake. Awapigie watu sita tu: fundi, dereva na viongozi wanne wa njia za kukusanyia maziwa. Kila kiongozi awapigie wakulima wake kumi, kuwaambia wachelewe au wapeleke kwingine. Kila mmoja wa hao sita awe na naibu, na asiyepokea simu kwa dakika tano arukwe. Kila kiongozi akimaliza ampigie meneja, maana bila jibu hilo hakuna ajuaye kama habari ilifika. Namba hizo zibandikwe ukutani kwa karatasi. Zikiwa ndani ya simu ya meneja pekee, simu ikizima betri mpango wote umezimika.

Kumbukumbu za lita za kila mkulima zina muda wake pia. Kompyuta inaweza kulala siku mbili bila maziwa kuharibika, lakini lita zisizoandikwa huzaa ugomvi siku ya malipo. Kitabu cha stakabadhi chenye nakala ya kaboni na mizani ya springi vinatosha kuendesha kituo asubuhi hiyo. Takwimu za kompyuta zinakiliwe kila jioni na kuwekwa nje ya jengo, ili ikiungua, zipotee za siku moja tu, ambazo nakala za wakulima zitazirudisha.

Yote haya ni maneno matupu bila majaribio. Jenereta nyingi hushindwa kwa sababu ndogo: betri imekufa au mafuta yamekaa muda mrefu. Nyingine huwaka vizuri, kisha huzimika mara kompresa inapounganishwa, kwa kuwa mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa mbioni. Kuiwasha bila mzigo hakuonyeshi ugonjwa huo. Mara moja kwa mwezi, swichi kuu izimwe makusudi, kompresa iendeshwe kwa jenereta, na mtu ashike saa. Dakika 30 zilizoandikwa zikigeuka 50, kamati irekebishe mitambo. Isiandike 50 ikaridhika.

Wakulima wana haki ya kuziuliza kamati zao swali moja katika mkutano mkuu: jaribio la mwisho lilifanyika lini, na lilichukua dakika ngapi? Kamati isiyo na jibu haina mpango, hata kama jenereta yake ni mpya.